Laki Tatu za Mama wa Mapazia

Ukimwambia mwenye duka wa Kariakoo kwamba laki tatu zake zinakwenda kwa kampuni iliyoko California, atakachotaka kujua kwanza ni kama huna mtu unayemfahamu kule wakapunguza. Mama mmoja muuza mapazia, ambaye namfanyia kazi ya matangazo ya kulipia mtandaoni, aliniuliza hivyo kwa utulivu kabisa huku akipima kitambaa. Kwake hakuna bei isiyoshuka. Nikamweleza kwamba Facebook na Instagram hawana bei maalumu ya kubandika tangazo: kila nafasi inapigwa mnada papo hapo, kompyuta kwa kompyuta, baina ya wote wanaotaka kumfikia mtu yuleyule.

"Mnada?" akasema. "Basi nenda mwenyewe, usitume mtu."

Katika kazi hii, ugomvi huanzia kwenye bahasha. Mwenye duka anakukabidhi laki nne na nusu, laki tatu za tangazo na laki na nusu za ujira wako, na akishaiweka mikononi mwako tu, kichwani mwake zote ni zako. Tangazo lisipoleta mteja, umekula laki nne na nusu. Ndiyo maana sishiki hela ya tangazo ya mtu. Akaunti inafunguliwa kwa jina la duka, kadi inayokatwa ni ya mwenye duka, na mimi napewa ruhusa ya kuingia na kuendesha tu. Tukikosana ananitoa, na kumbukumbu zote zinabaki kwake. Kijana aliyenitangulia aliondoka na kila kitu, pamoja na neno la siri la ukurasa. Ukurasa ule bado upo, unaendelea kutangaza mapazia yaliyokwisha kitambo.

Basi tukaweka kadi ya mama. Akaunti inahesabu kwa dola, tukapanga dola 4 kwa siku, kama elfu kumi hivi, ambazo kwa mwezi ni hizo laki tatu. Ila hawa jamaa hawakati hela kila jioni kama mkusanya ushuru. Wanakuandikia deni mpaka lifike kiwango fulani, ndipo wanakata kwa mkupuo, halafu mwisho wa mwezi wanakata kilichobaki. Kiwango chetu kilikuwa dola 25. Siku ya sita au ya saba, saa tisa usiku, simu ya mama ikalia ujumbe wa benki. Saa tisa na dakika mbili ikalia ya kwangu.

"Tumeibiwa."

"Hatujaibiwa, mama. Ni tangazo."

"Ulisema nne. Wamechukua ishirini na tano."

Nilimpigia hesabu ya nne mara sita usiku ule, na asubuhi nikarudia mbele ya shahidi, muuza chai. Alikubali kwamba hesabu ni sahihi. Alichokataa ni tabia ya kukata watu hela wakiwa wamelala.

Mwezi uliofuata tangazo likazimika Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ambayo watu wana mishahara mfukoni na macho yao yapo kwenye madirisha ya nyumba zao. Mwanawe mkubwa alikuwa amelipia mzigo kwa kadi ileile na kuikausha. Mfumo ukajaribu kukata, ukakosa, ukafunga tangazo bila makelele. Siku hizi kuna kadi ya pekee ya tangazo, inaingizwa hela ya mwezi mzima tarehe moja, na mwanawe haijui namba yake.

Hela ikishatulia, ndipo inakuja ripoti. Mtangulizi wangu alikuwa akimpelekea kitabu cha kurasa nyingi chenye michoro ya mviringo ya rangi. Nilizikuta kaunta, zinafungia vipande vya vitambaa vya sampuli, na kwa kweli ni karatasi nzuri, nzito. Ndani yake fahari kubwa ilikuwa laiki. Aliagiza mfumo ulete laiki, na mfumo ni mtiifu: ukiomba laiki unakutafutia watu ambao mchana kutwa hawana kazi nyingine ila kulaiki. Ukiomba meseji unatafuta watu wenye tabia ya kuandikia maduka. Hawa wa pili ni ghali zaidi na wachache zaidi, lakini baadhi yao wana madirisha.

Mimi nampelekea mama ujumbe mfupi wa WhatsApp kila Jumatatu: hela iliyotumika, meseji zilizoingia, walionunua, na kitu kimoja tutakachobadilisha. Mara ya kwanza nilikuwa nimeongeza idadi ya watu waliofikiwa, elfu themanini na nne. Akanipigia.

"Watu elfu themanini na nne wameona mapazia yangu?"

"Ndiyo, mama. Ni makadirio."

"Wamejaa uwanja wa Taifa na wengine wamebaki nje. Wapo wapi sasa?"

Tangu siku hiyo namba hiyo naitazama mwenyewe, kimyakimya. Kwa duka dogo haimsaidii mwenye duka kuamua chochote.

Lakini swali linalonichosha kuliko yote ni, "Mbona mimi silioni?" Tangazo tulilielekeza kwa wanawake wa Dar es Salaam wa umri wa miaka 25 hadi 45. Mama ana miaka 58. Kumwambia mtu anayekulipa kwamba halioni kwa sababu ya umri wake kunahitaji uangalifu, nami nikasema mfumo unaheshimu watu wazima. Hakuridhika. Akamuuliza dada yake aliyeko Muscat, naye hajaliona. Akaleta malalamiko kwenye kundi la familia, na mabinti wa ukoo walioko mjini wakaahidi kulivizia. Wakalipata. Kila mmoja akaligusa, WhatsApp ikafunguka, akaandika "Shikamoo mama mkubwa" kwenye simu ya duka.

Mtu anaweza kudhani hasara yake ni ndogo, kwani hukatwa hasa kwa tangazo kuonyeshwa, wala si kwa salamu. Lakini mfumo unajifunza kwa wanaojibu. Unahitaji kama matukio 50 kwa wiki ndipo utulie na kujua mteja wako anafananaje. Sisi kwa elfu kumi kwa siku, kila meseji ikitugharimu kama elfu mbili, tunapata meseji 5 kwa siku, 35 kwa wiki. Hatufiki. Kwa hiyo kila moja ya zile chache ina uzito, na wiki ile mfumo ulijifunza kwa bidii kutafuta wapwa. Kwa sababu hiyohiyo namsihi mama asiniambie nibadilishe picha kila akipokea mzigo mpya, maana mabadiliko makubwa yanaurudisha mfumo darasa la kwanza.

Zilizoingia mwezi mmoja wa kawaida zilikuwa meseji 150. Mama akasema hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kutoka mtandaoni. Tukafungua simu ya duka. Msichana wa kaunta alikuwa akijibu kila aliyeuliza bei kwa neno moja, "Karibu," na ua. Mtu anauliza pazia la dirisha la futi sita ni shilingi ngapi, anajibiwa ua. Tukamwandikia jibu lenye bei ya kuanzia, swali la vipimo na ramani ya duka. Pia tukaweka daftari kaunta, kila mnunuzi aulizwe ametuona wapi. Wiki ya kwanza daftari lilisema wote "wamepita tu". Msichana akaelezwa tena, safari hii na mama mwenyewe, na sauti ya mama ikafanya kazi ambayo mimi nisingeiweza.

Mwezi uliofuata, katika meseji 150, watu 30 walituma vipimo na 9 walinunua. Wastani wa oda ulikuwa laki mbili na arobaini, na faida ya mama kwa kila oda elfu sabini. Mara tisa, ni laki sita na thelathini. Toa laki tatu za tangazo, toa laki na nusu zangu, anabakiwa na laki moja na elfu themanini. Akatazama karatasi kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo wewe na mimi tunakaribiana."

Hapo ndipo mazungumzo ya ujira yalipoanza upya. Mama alikuja na wazo kutoka kwa jirani yake wa masufuria: anilipe asilimia 15 ya hela ya tangazo, kama alivyosikia kampuni kubwa zinavyofanya. Asilimia 15 ya laki tatu ni elfu arobaini na tano. Utaratibu huo unamfaa anayeendesha mamilioni, maana kazi ya kusimamia laki tatu na ya kusimamia milioni tatu hazipishani sana. Tena una dosari ambayo wanaonilipa hawaioni upesi: mshauri anayelipwa kwa kadiri ya unavyotumia, ushauri wake siku zote utakuwa utumie zaidi.

Akasema basi, kamisheni: asilimia 5 ya mauzo yanayotoka mtandaoni. Kwa oda zile 9, mauzo ni milioni mbili laki moja na sitini, na fungu langu laki moja na elfu nane. Tukajaribu. Ajabu ni kwamba mara tu kila jina la daftari lilipoanza kunipa hela, wateja wa mtandaoni wakaadimika. Aliingia dada mmoja ameshika simu, tangazo letu liko kwenye kioo, ananyooshea kidole pazia lilelile. Mama akamwandika "jirani". Nikauliza jirani wa wapi. "Mbagala," akasema, "lakini ni mtu wa watu."

Kulipwa kwa kila meseji nilikataa mwenyewe. Meseji ni rahisi mno kuzitafuta. Ukiandika "mapazia elfu tano" zitaingia mia tatu kabla ya adhuhuri, zote za watu waliokasirika.

Tukarudi kwenye laki na nusu ya mwezi, kazi zote zikiwa zimeandikwa: kutengeneza tangazo, kulisimamia, ujumbe wa Jumatatu, na kuangalia simu ya duka. Mimi nikabaki na hofu moja, nayo ni Idd. Mwezi wa Ramadhani nusu ya jiji hubadilisha mapazia, bajeti hupanda mara mbili au tatu, na kazi nayo hupanda. Nikaomba kipengele: hela ya tangazo ikifika laki tano kwa mwezi, niongezewe asilimia 10 ya hela yote ya tangazo. Mama alisoma, akasoma tena, akaweka sahihi bila kubishana, jambo ambalo lilipaswa kunitia shaka.

Wiki moja kabla ya mfungo akanitumia ujumbe. Bajeti ya mwezi wa Ramadhani, aliandika, ni shilingi 499,000.