Barua ya Wazi kwa Kamati Iliyosawazisha Saa

KWA: Kamati za Mitaala na Ratiba, vyuo vya uuguzi vya Meru na Embu
KUH: Ulinganifu wa nadharia na mafunzo ya nyanjani katika somo la uuguzi wa afya ya jamii

Kamati Tukufu,

Barua hii inatanguliza pongezi, kwa kuwa si jambo dogo kwa kamati kuketi siku nzima, kunywa chai mara mbili na kuinuka ikiwa na jedwali ambalo kila safu yake inajumlika bila hitilafu. Kuna aina ya ratiba ambayo kamati yoyote inayojitambua humu itaikumbuka mara moja: darasa lina wanafunzi 48, somo la afya ya jamii limepewa saa 60 za nadharia, yaani mihadhara na majadiliano ya darasani, na saa 320 za nyanjani, ambazo ni majuma 8 ya siku 5 zenye saa 8 kila moja. Saa zikishafikia kiwango ambacho Baraza la Wauguzi la Kenya hukitaka chuo kikifikie, mtaala hupigwa muhuri, na ulinganifu huhesabiwa kuwa umepatikana.

Kwa haki, kamati hizi haziko peke yao katika kuiheshimu saa. Agizo la Umoja wa Ulaya kuhusu sifa za kitaaluma linamtaka muuguzi wa huduma za jumla asome angalau saa 4,600, nadharia isipungue theluthi moja ya muda huo na mafunzo ya vitendo yasipungue nusu. Hata hivyo, agizo lenyewe linaeleza kwamba mafunzo ya vitendo ni yale ambayo ndani yake mwanafunzi hukutana na mtu, awe mzima au mgonjwa, au na jamii, na hapo ndipo saa zilizo kwenye karatasi huanza kupungua zenyewe, kwa sababu saa ambayo mwanafunzi ameitumia kwenye benchi la zahanati akisubiri zamu yake ya kuona mgongo wa mwenzake haijakutana na mtu wala jamii.

Inafaa kukumbusha kwamba huduma za afya za Kenya zimepangwa kwa ngazi: ngazi ya 1 ni jamii yenyewe, yaani kaya zinazotembelewa na wahamasishaji wa afya ya jamii, ya 2 ni zahanati, ya 3 ni kituo cha afya, na ya 5 ni hospitali za rufaa kama zile zilizo katika miji ya Embu na Meru. Ratiba inayojadiliwa hapa imegawa majuma 8 kwa vituo vinne, majuma 2 kila kimoja: kliniki ya mama na mtoto hospitalini, kituo cha afya, zahanati, na jamii. Kwa hesabu hiyo, robo tatu ya muda unaoitwa wa jamii hupita chini ya paa la serikali, na mwanafunzi huijua jamii kwa namna karani wa mahakama anavyoijua, yaani kupitia wale tu waliofika wenyewe na kupanga foleni.

Hebu zahanati itazamwe kwa karibu. Wanafunzi 12 wameripoti huko kwa majuma yao 2, na miongoni mwa stadi wanazotakiwa kutiwa saini ni kuchanja BCG, chanjo ya kifua kikuu inayopewa mtoto mchanga. Darasani wamefundishwa, na wamejibu vizuri katika mtihani, kwamba dozi ni mililita 0.05, kwamba hudungwa ndani ya ngozi ya mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, na kwamba sindano ikiingia sawasawa hutokea kivimbe kidogo cheupe chenye vitundu kama ganda la chungwa. Ambalo halikuulizwa katika mtihani ni siku ambayo chanjo hiyo hutolewa. Chupa moja ya BCG ina dozi 20, na ikishachanganywa na maji yake sharti itumike ndani ya saa 6, kisha kinachobaki kitupwe. Kwa hiyo zahanati ndogo haifungui chupa kila anapofika mtoto, bali huwakusanya akina mama katika siku moja maalumu ya juma. Ikichukuliwa kwamba siku hiyo ni Alhamisi na kwamba hufika watoto 6, basi katika majuma 2 kuna mikono 12 ya watoto kwa wanafunzi 12, sindano moja kwa kila mwanafunzi, kwa masharti kwamba muuguzi mwenyewe asiguse sindano, mtoto asilie sana, na Alhamisi isiangukie sikukuu. Ikiangukia sikukuu, nusu ya wanafunzi watahitimu wakiwa wamekiona kile kivimbe cheupe katika mchoro tu.

Daftari la vitendo, lile ambamo kila stadi hutiwa saini na msimamizi, halitaonyesha pengo hilo. Litarudi chuoni likiwa limejaa, na mkufunzi mwenye macho atatambua kilichotokea kwa ishara ndogo: saini kumi mfululizo zenye wino mmoja na mkono mmoja uliochoka, zenye tarehe za siku tofauti, ingawa zote zilitiwa Ijumaa ya mwisho mchana, gari la chuo likipiga honi getini. Muuguzi aliyetia saini hafai kulaumiwa, kwani aliachiwa wagonjwa wa nje, wajawazito, rejista na wageni 12 kwa pamoja, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza anawamudu wangapi. Wanafunzi 4 katika zahanati hiyo hiyo wangepata mikono mitatu kila mmoja bila kuongezwa hata saa moja katika mtaala. Kinachohitajika ni zahanati tatu badala ya moja, na hilo ni suala la nauli na barua za maombi, mambo mawili ambayo jedwali la saa halina safu yake.

Kasoro ya pili ni ya kustaajabisha zaidi, kwa sababu hutokana na unadhifu. Kamati hupenda nadharia yote itangulie, kisha nyanja yote ifuate kwa mkupuo mmoja, kana kwamba ujauzito nao huja kwa mkupuo. Mwanafunzi aliye nyanjani kwa majuma 8, na katika kila kituo kwa 2 tu, hawezi kumfuata mama kutoka kliniki ya wajawazito hadi kujifungua, wala kumwona mgonjwa wa kifua kikuu akitoka katika miezi 2 ya mwanzo ya matibabu kwenda katika miezi 4 inayofuata, kipindi ambacho mgonjwa hujisikia amepona na dawa huanza kusahaulika juu ya kabati. Uuguzi wa jamii ni kazi ya kurudi katika mlango ule ule, na ratiba ya mkupuo haimruhusu mtu kurudi popote.

Kwa kuwa kamati inazipenda saa zake 320, barua hii inazihifadhi zote. Siku 24, yaani Jumatano ya kila juma kwa majuma 24, ni saa 192. Mwanafunzi akikabidhiwa familia yenye mama mwenye ujauzito wa majuma 24, atamwona akijifungua karibu na juma la 16 la ratiba, na katika juma la 22 atakuwepo mama na mtoto wanapofika kwa kliniki ya majuma 6, siku ambayo mtoto hupata chanjo zake zinazofuata baada ya zile za kuzaliwa. Saa za nadharia nazo zigawanywe: 12 kabla ya Jumatano ya kwanza, zihusu namna ya kuingia nyumbani kwa mtu, kuhoji, kuandika na kutunza chanjo katika baridi, na 48 zinazobaki ziwe saa 2 kila Ijumaa, ambapo mada hufundishwa kutokana na kilichoonekana Jumatano. Mpango huu una mpaka wake, nao ni umbali: unawezekana katika zahanati zilizo karibu na chuo, lakini hauwezekani pale ambapo nauli ya kwenda na kurudi ingemlia mwanafunzi chakula cha juma.

Saa 128 zilizobaki ni siku 16, na hizo ndizo zinazostahili mkupuo, kwa ajili ya uchunguzi wa hali ya afya ya jamii, yaani zoezi la kuipima jamii nzima kama ambavyo muuguzi wa wodini humpima mgonjwa mmoja. Siku 2 ni za kubisha hodi kwa chifu, naibu wake na wahamasishaji wa afya, ambao wana rejista za kaya na wanajua ni boma lipi lina mbwa; 2 za kutunga hojaji na kuijaribu katika kaya chache zisizo za uchunguzi; 6 za kuzunguka; 3 za kuchambua; 1 ya kurudisha matokeo barazani; na 2 za kutenda jambo moja ambalo baraza limelichagua. Ratiba nyingi huikata ile siku ya baraza, kwa hoja kwamba haina alama za mtihani, na wenyeji hubaki wakijiuliza majibu yao yalipelekwa wapi.

Zile siku 6 zina siri ya jiografia. Jozi 12 za wanafunzi zikipewa kaya 240, kila jozi ina kaya 20. Upande wa Manyatta, ambako mashamba ya kahawa ni madogo na nyumba zinasikilizana, jozi inaweza kumaliza kaya 8 kwa siku, na kazi ikaisha katika siku mbili na nusu. Upande wa Mbeere, ambako boma na boma hutenganishwa na kichaka na jua, kaya 4 kwa siku ni jitihada, na kazi ni ya siku 5. Kamati ikiwapa wote siku 3, kwa jina la usawa, kaya 8 za kila jozi ya Mbeere zitazaliwa chini ya mwembe, na dalili zake hazijifichi: kila kaya ina watu watano, kila kaya ina choo, na mahojiano mawili yamepishana dakika kumi ilhali nyumba zenyewe zimepishana kilomita mbili.

Majira nayo hayakuhudhuria kikao cha kamati. Mkupuo wa Novemba katika sehemu za juu za Embu huangukia mavuno makuu ya kahawa, na hojaji hujibiwa na watoto. Huko Igembe, miraa huchumwa alfajiri na mapema asubuhi, hivyo mwanafunzi anayebisha hodi saa mbili, kwa mujibu wa ratiba, humkuta bibi na kuku.

Kwa hiyo kamati inaombwa, kabla ya kuipigia muhuri ratiba ijayo, imwulize naibu wa chifu ni mwezi gani watu wake huwa nyumbani na saa ngapi, kisha impigie simu muuguzi msimamizi wa kila zahanati iliyomo katika jedwali na kumuuliza maswali mawili: chupa ya BCG hufunguliwa siku gani, na anaweza kuwasimamia wanafunzi wangapi. Majibu hayo yaandikwe kwanza, na saa zipangwe baadaye.