Natafuta Mfanyakazi, Nasailiwa Mimi

Kijana wangu wa hesabu aliacha kazi mwishoni mwa Aprili, akaniachia daftari la stoo, mfuko wa risiti na tarehe 20. Wafanyabiashara wenzangu wanaijua tarehe 20: ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya VAT ya mwezi uliopita. Mimi nauza pampu za maji pale Gerezani. Hesabu zangu ninazo kichwani, ila mamlaka ya mapato haipokei kichwa.

Nikashauriwa nichukue mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nikaiandikia ofisi ya ajira ya chuo kimoja hapa Dar: "Natafuta kijana mchapakazi wa hesabu. Awe mwaka wa mwisho. Uzoefu usiopungua miaka mitatu. Aje na cheti halisi. Aanze Jumatatu. Mshahara maelewano. Piga simu." Nikamsomea mama watoto. Akasema nimefupisha. Nilidhani ananisifu.

Majibu yalikuja kesho yake. "Shikamoo mzee. Tunaomba kufahamu yafuatayo." Na yafuatayo yalikuwa tisa! Namba ya mlipakodi, nakala ya leseni, duka liko mtaa gani, na eti mwombaji atatozwa chochote? Hapo nikapiga simu. Nimtoze nani, mimi ninayetafuta mtu wa kumlipa?

Dada aliyepokea hakutetereka. Akaniambia wapo wanaotangaza kazi, kijana akifika anaambiwa alipie fomu na sare, akishalipa simu inazimwa. Kwa hiyo leseni kwanza. Nikaipiga picha palepale ilipotundikwa ukutani. Feni nayo ikatokea.

"Sasa mzee, huu uzoefu. Mtu yuko mwaka wa tatu. Ili awe na miaka mitatu kazini, ilibidi umwajiri siku ile anajisajili chuoni." Nikanyamaza. "Kwani akifika dukani atafanya nini hasa?"

"Asikosee."

"Kwa mikono yake, mzee, atafanya nini?"

Tangu nifungue duka hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Ilibidi nihesabu: aingize ankara na risiti kwenye Excel, kila Jumamosi ahesabu mzigo stoo na kuulinganisha na daftari, aandae ritani kabla ya tarehe 20. Akasema niandike hayohayo, kwa sababu aliyekwenda fildi wiki nane anayaweza, na wa kupiga porojo atajikuta hana la kusema.

Cheti nacho kikaanguka. Mitihani yao inaisha Julai, matokeo sharti yapitishwe na seneti, mahafali ni mwisho wa mwaka, na cheti kinafuata huko. Mwanafunzi mwenye cheti halisi mwezi Mei hayupo, na akitokea mwogope. Niombe matokeo ya mihula iliyopita. Jumatatu yangu pia haikupona, maana huu ndio wakati wanakimbizana na ripoti za utafiti.

Palipouma ni "maelewano." Mimi ni mtu wa Kariakoo, bei haitajwi kabla sijamwona mteja usoni. Dada akasema wale wazuri wakiona neno hilo wanapita, wanabaki wasio na pa kwenda. Nikaandika shilingi 500,000 kwa mwezi kabla ya makato ya NSSF, mkono ukinitetemeka kama natia saini hati ya kuuza nyumba.

Tangazo la pili likatoka hivi: "Msaidizi wa hesabu, duka la pampu, Gerezani. Kazi: ankara, stoo, ritani ya VAT. Mwaka wa mwisho uhasibu. Awe amefanya fildi. Kuanza baada ya mitihani. Mshahara 500,000 kwa mwezi kabla ya makato ya NSSF. Tuma sivii na matokeo kwa barua pepe, kichwa kiwe 'Hesabu Gerezani'. Mwisho Ijumaa saa kumi."

Dada alinikataza kuweka namba ya simu. Mimi nikamshikilia aiweke chini ya tangazo, nikijiona mjanja. Siku nne nzima sikuuza pampu kwa amani. Sivii zilimiminika Wasapu, nyingine zimepigwa picha kitandani, shuka linaonekana. Mmoja alinipigia saa tano usiku kuuliza kama ofisi ina kiyoyozi. Walioandika kichwa cha barua kama tulivyoomba walikuwa 11 tu, na hao ndio niliowasoma.

Nikamchukua binti mmoja. Alipokuja kwenye usaili alinisalimia kwa heshima, akaketi, akauliza: "Mzee, aliyekuwepo aliondoka kwa nini?" Nikaagiza chai kwanza.

Anaanza Jumatatu, kama nilivyosema tangu mwanzo. Ni Jumatatu ya kwanza ya Agosti. Mwenye mtu wa kuniokoa na tarehe 20 ya mwezi huu, anitafute dukani. Asipige simu.