Mbuzi Alikuwa Mnono

Familia yetu huonana kwenye simu kila Jumapili saa tatu usiku: mama mkubwa na mjomba wakiwa Tanga, mimi Dar es Salaam, kaka yangu Toronto, ambako muda huo ni mchana. Tunaita kuongea, ingawa nusu ya muda wote huishia kwenye "unasemaje?", "endelea wewe" na "mnanisikia?"

Tatizo ni ule ukimya mdogo kati ya swali na jibu. Watu wakikaa barazani, mmoja akimaliza kusema, mwingine hudakia karibu papo hapo. Mwaka 2009 watafiti walichapisha vipimo vyao kutoka lugha kumi, kuanzia Kijapani hadi Kidenishi, wakakuta kwamba kwa wastani kati ya swali na jibu hupita kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Wadenishi huchelewa kidogo, Wajapani huwahi, lakini tofauti yao ni ndogo mno. Binadamu wote wana haraka. Ndiyo maana jibu likikawia hata sekunde moja nzima, moyo huanza kushuku: amekasirika huyu, au hakusikia?

Sasa weka simu katikati. Sauti ya kaka ikichukua sehemu sita za kumi za sekunde kufika Tanga, na jibu likachukua hizo hizo kurudi, kaka atakaa kimya kwa sekunde moja na zaidi hata kama mama mkubwa amejibu palepale. Na anayesubiri ndiye pekee anayeuona ukimya huo. Mama mkubwa kwa upande wake anajiona mwepesi kama kawaida. Mzito ni yule wa Toronto. Kaka naye anasema mama amezeeka. Mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walionyesha jambo hilohilo: mawasiliano yakichelewa, watu hawaulaumu mtandao, humlaumu mwenzao kwamba hana makini. Nilipolisoma hilo niliikumbuka familia yangu, jina kwa jina.

Wakati wa salamu hakuna anayegundua kitu. Kwa hili nawashukuru wazee waliotutungia salamu zetu. Kaka anauliza habari za nyumbani, anaona kimya, anauliza habari za afya, na hapo linaingia jibu la kwanza: "Nzuri." Anauliza habari za majirani, linaingia jibu la pili: "Nzuri." Majibu yote yako nyuma kwa swali moja, lakini kwa kuwa yote ni nzuri, salama na alhamdulillahi, mazungumzo yanakwenda bila kasoro. Mtu anaweza kusalimiana hivyo na mwezi.

Balaa huanza pale salamu zinapoisha. Jumapili moja kaka aliuliza, "Mbuzi wa akika mlishamchinja?" Kimya. Akadhani swali halikufika, akaona aulize la muhimu zaidi: "Na mjomba, mguu wake vipi?" Alipotamka tu neno la mwisho, sauti ya mama mkubwa ikaingia, imechangamka kabisa: "Ee, Alhamisi asubuhi! Alikuwa mnono kweli, nyama imefika mpaka kwa majirani."

Kule Toronto nikamwona kaka amekodoa macho. Akafungua mdomo, lakini kabla hajasema likafika jibu la swali la mjomba: "Sasa hivi hana maumivu tena." Mjomba mwenyewe alikuwa ameketi pembeni ya mama mkubwa anachambua karanga, hajui kwamba ng'ambo ya bahari ameshagawanywa kwa majirani.

Watu hupenda kulaumu umbali. Umbali unaonewa. Mwanga ndani ya nyaya za chini ya bahari husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Hata waya ukizunguka kilomita 20,000 kutoka Tanga hadi Toronto, safari hiyo ni sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Muda mwingi zaidi huweza kupotelea nyumbani. Sauti hukatwa vipande vipande na kutumwa, navyo havifiki kwa mwendo mmoja, hivyo simu inayopokea huvisubirisha kidogo ili vilivyochelewa viungane na wenzao. Mtandao ukiyumba, simu husubirisha zaidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, ITU, linashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ikiwezekana, na isipite 400. Mama mkubwa hukaa chumba cha nyuma, kuta mbili kutoka kwenye waifai ya jirani, huku mjukuu akitazama katuni kwa waifai hiyohiyo. Tangu akubali kusogea sebuleni, na katuni kuahirishwa, nusu ya ugomvi umekwisha.

Nusu iliyobaki inaletwa na adabu yetu. Kwetu anayesimuliwa hakai bubu. Lazima aitikie: ehe, enhe, kumbe, wallahi? Asipoitikia, msimulizi anakata hadithi na kuuliza kama amelala. Kwenye simu, ile "ehe" iliyokusudiwa kwa sentensi ya kwanza inamfikia msimulizi katikati ya sentensi ya pili, naye anadhani unataka kusema. Ananyamaza. Nawe unashangaa kanyamaza, unasema "endelea". Wakati huohuo naye anasema "sema wewe". Sauti zinagongana, wote mnanyamaza, wote mnaanza tena pamoja. Na kama simu iko kwenye spika, kuna ubaya mwingine: simu inapozuia mwangwi, mara nyingi hupunguza sauti ya mmoja wenu mnaposema pamoja, kwa hiyo "kumbe!" yako ya heshima inaweza kumeza jina la mtu aliyefariki.

Mimi nimehamia kwenye kutikisa kichwa, tena kwa nguvu, maana kwenye kioo kidogo kutikisa kwa kistaarabu hakuonekani. Picha ikiganda kichwa kikiwa juu, naonekana kama nimekataa mahari. Lakini kutikisa kichwa hakumsaidii mjomba, kwa sababu yeye huweka simu sikioni hata ya video. Tunayemwona sisi ni sikio. Nimelijua sikio lile, nywele zake na kovu lake la utotoni, kuliko uso wa mjomba mwenyewe.

Na bado, katika ukoo mzima, aliyetatua jambo hili ni yeye. Alitumia redio ya upepo kazini kwa miaka mingi, na hakuacha tabia yake: anasema jambo moja, anamaliza, anatamka "ova", halafu ananyamaza mpaka ajibiwe, hata kama itachukua sekunde tatu. Vijana walimcheka. Sasa kaka naye anasema "ova" kutoka Toronto, na maswali yanapata majibu yao.

Dawa hiyo haijafika kwenye kuagana. Mama mkubwa akishasema haya, haya basi, wasalimie, huanza kukitafuta kitufe chekundu, na kidole gumba chake kinaijaza skrini yote. Akiamini kimekata, hugeuka kwa aliye karibu naye. "Mtoto wa watu kazeeka," alisema juzi. "Na kile kitambi."

Baada ya sekunde moja na ushee, sauti kutoka Toronto ikauliza kwa upole: "Nani, mama? Ova."