Mbezi Ipi, Mama?

Aibu ya mgeni wa Dar es Salaam humkuta mapema, kabla hata hajalipa nauli ya kwanza. Tumchukue mama wa kubuni, kashuka asubuhi na basi la Singida katika stendi ya Magufuli, begi begani, dumu la mafuta ya alizeti mkononi. Kaka yake kamwelekeza kwa simu: ukifika, panda gari ya Mbezi, ushuke Mbezi, unipigie. Konda wa daladala anamwona anavyosoma vibao vya magari kimoja baada ya kingine, midomo ikitembea. "Shikamoo mama. Karibu. Unaelekea wapi nikusaidie?" "Marahaba mwanangu. Naenda Mbezi." "Mama, Mbezi si ndiyo hapa?" Gari zima linacheka, na wa kwanza kucheka ni wale waliokuja mjini mwaka jana. Konda hacheki, maana kesi hii anaijua. "Mbezi ipi, mama? Ya hapa au ya Beach?" Mama anawaza, kisha anajibu kwa uhakika wote alio nao: "Ya kaka yangu."

Cheko hilo linawaangukia wasiostahili. Mbezi kweli ziko mbili. Mbezi Luis iko barabara ya Morogoro, ndiko iliko stendi ya mabasi ya mikoani tangu mwaka 2021. Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari. Zamani zote mbili zilikuwa Kinondoni, kabla Ubungo haijawa wilaya. Kaka mtu anaishi Beach, na kwake yeye Mbezi ni moja tu, ile yenye nyumba yake. Wenyeji ndivyo tulivyo: tunaelekeza njia kana kwamba anayeelekezwa ameshafika. Konda ndiye mtu wa kwanza siku hiyo kumuuliza mama swali lenye maana. Anamwomba ampigie kaka yake, anaichukua simu, anauliza kitu kimoja tu: "Bro, ni kituo gani?" Anajibiwa Africana. Basi kazi imekwisha: mama apande gari ya njia ya Goba, atokee Tangi Bovu, pale achukue inayokwenda Tegeta, amwambie konda wa huko amshushe Africana. Hakuna ofisi mjini ambayo ingelimaliza shauri hilo kwa muda huo.

Ukiishia hapo utasema makonda ni wakarimu, na hutakosea sana. Lakini ninachotaka kusema ni kingine: salamu ya konda ni ya kweli, ujuzi wake ni wa kweli, ila jibu lake hupimwa na hesabu, na mgeni asiyeijua hesabu hatajua lini amwamini. Hesabu ndicho kiasi ambacho mwenye gari hudai kila jioni, abiria wawepo wasiwepo, jua liwake au Jangwani ijae maji. Kikishatengwa hicho, yatolewe mafuta, apewe mpiga debe aliyeita abiria stendi, kinachobaki ndiyo riziki ya dereva na konda. Wengi wao hawana mshahara wala mkataba. Mtafiti Matteo Rizzo, aliyetoa kitabu kizima kuhusu daladala za mji huu mwaka 2017, ameonyesha kwa kina jinsi mpango huo unavyowabana. Kwa hiyo konda anapokuuliza "unaelekea wapi?" anauliza maswali mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni la utu. La pili ni la biashara: kiti chako kitakuwa wazi wapi, ili auze tena?

Biashara hiyo ina ufundi wa kustaajabisha. Abiria wa mwisho hadi mwisho, anayelala tangu Mbagala Rangi Tatu mpaka Makumbusho, si mteja mzuri sana. Kiti chake kinauzwa mara moja tu. Mteja mzuri anashuka katikati na kumpisha mwingine. Jioni mambo hugeuka. Watu wakiwa wamefurika Kariakoo wakitaka kurudi Temeke, wajanja hawasubiri gari lifike kituo cha mwisho. Wanalifuata vituo viwili nyuma, wanakaa, wanageuza nalo, na nauli wanalipa mara mbili ili tu wasisimame. Konda wa hapo anaendesha mnada bila nyundo. Na foleni ikizidi, akaona upande wa pili abiria wamejaa na huku kwake wamebaki watatu, atagonga bodi, dereva atasimama, na mtasikia: "Jamani, tunaishia hapa." Huko ndiko kukatisha ruti. Ubavuni mwa gari imeandikwa ruti nzima, mstari wa rangi umepakwa kama LATRA inavyotaka, na wewe umeshushwa Mtoni kwa Aziz Ali ukiwa umelipa mpaka Rangi Tatu.

Hapo ndipo kanuni inapojitokeza. Ukimuuliza konda kabla ya kupanda, "Gari hii inafika?", umemuuliza swali lenye pesa ndani, na jibu lake ni moja siku zote: "Tunafika, ingia, songea nyuma." Muulize lisilo na pesa: "Naenda Africana, nipande ya wapi na nishukie wapi?" Hapo hana faida ya kukudanganya, na ujuzi wake unatoka mzima. Ukishalipa, hatari si uongo tena, ni kusahau. Konda mwenye abiria wa kusimama hadi mlangoni, chenji ya watu sita kiganjani na trafiki mbele, hawezi kukukumbuka kwa kuwa ulionekana mnyonge. Kaa karibu na mlango, na kila baada ya vituo vichache mkumbushe. Usiangalie nje ukitafuta jina: wapo waliopitishwa Bendera Tatu wakitafuta bendera.

Watasema siku hizi kuna ramani kwenye simu. Ipo, na itakuonyesha Africana ilipo kwa usahihi, ila haitakuambia kwamba gari ulilopanda limeamua kuwa Africana ni mbali leo. Watasema pia kwamba kukatisha ruti ni kosa na abiria ana haki ya kushtaki. Ni kweli. Lakini mgeni hajui kwamba ruti imekatishwa, anadhani amefika. Na wengine watasema nawasingizia makonda, kwani wapo wanaoshuka na mzee, wakamvusha barabara, wakamkabidhi kwa konda mwenzao. Wapo, na ndio wanaonipa hoja. Sekunde za msaada huo zinatoka kwenye riziki ya konda mwenyewe, huku gari la nyuma linampita na kumzolea abiria. Huo ni msaada wa mtu anayejilipia gharama yake.

Linaloudhi ni kwamba mji wa mamilioni ya watu umeuachia msaada huo kazi yote. Vituo vingi vya daladala, Temeke hata Kinondoni, havina kibao cha jina, achilia mbali orodha ya magari yanayopita. Kwenye mwendokasi jina la kituo limeandikwa. Kwenye daladala limo kichwani mwa kijana asiye na mkataba. Tunamwita mhuni tukiwa tumekaa, tunamtegemea tukiwa tumepotea. Kibao chenye maneno manne, "Gari za Mbezi Beach", kingetosha pale Magufuli. Mpaka kibandikwe, mama wa Singida aendelee kumuuliza konda, na mwenye ndugu mjini ajifunze kutaja kituo.