Namba Moja ya Nani?

Mnh! Jamani, msimu wa fomu za shule umefika na nguzo za umeme hapa Ijumbi zimevaa makaratasi. Kila shule ni namba moja. Kuna namba moja Muleba, namba moja Kagera, namba moja Kanda ya Ziwa, na ile iliyobandikwa mlangoni kwa fundi cherehani ni namba moja tu, hata wapi haisemi. Namba mbili haipo. Sijui watoto wa namba mbili wanasomea wapi.

Kijana mmoja wa bodaboda ana binti anayemaliza darasa la saba. Kachana tangazo moja, kalileta kijiweni limekunjwa mara nne: “Shule namba moja Kagera! Ufaulu asilimia 100! Ya kwanza kwa malezi!” Akamgeukia mwalimu wetu mstaafu. “Waitu mwalimu, hii si ndiyo yenyewe?” Mwalimu akasonya sonyo refu, la kumwamsha mbuzi.

Sisi watu wa Kagera hatuna sababu ya kudanganywa na namba moja ya karatasi, maana ya kweli tumewahi kuishika. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2019, shule iliyoongoza nchi nzima ilikuwa Kemebos, ya hapa kwetu Bukoba. Ya mwaka 2021, Kemebos tena. Hiyo ilikuwa namba moja yenye ushahidi: mtihani unajulikana, mwaka unajulikana, na aliyetangaza ni Baraza la Mitihani, si mwenye shule. Hata hivyo ilikuwa na masharti yake, kwa sababu kwa miaka mingi NECTA ilikuwa ikizitenga shule zenye watahiniwa 40 na kuendelea na zile zenye pungufu ya hapo. Kwa hiyo ungeweza kukuta “wa kwanza” wawili, kila mmoja na kundi lake, na yule wa kundi dogo akipaka ukuta wake halitaji kundi.

Halafu ukaja Januari 2023. NECTA ilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, ikasema imeacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Haina tija, ilisema, na watoto wenyewe hawasomi katika mazingira yanayolingana. Watu walilalamika weee, magazeti yakakosa kichwa cha habari. Wenye kubandika matangazo walinyamaza kidogo, kisha wakaanza kujipa nafasi wenyewe.

Sasa ukiona “namba moja kitaifa 2024”, muulize mwenyewe kaipata wapi. Huenda kakaa na kikokotoo, kachukua matokeo ya shule moja moja kwenye tovuti ya NECTA, kajipanga juu. Si kosa kukokotoa, ila aseme kakokotoa vipi na kajilinganisha na nani. Na anayetembea na ushindi wa mwaka wa zamani bila kuandika mwaka, huyo ndiye ananikera zaidi. Neno lake lilikuwa kweli siku ile. Leo mzazi akilisoma anaelewa kwamba shule inaongoza sasa.

Na hapo ndipo sheria inapoingia, wala si sheria ya jana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ile inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kifungu chake cha 15 kinamkataza mtu aliye katika biashara kufanya jambo la kupotosha au kudanganya, au hata jambo linaloelekea kupotosha. Hilo “linaloelekea” ndilo lenye meno, kwa kuwa haisubiriwi mpaka mzazi atokwe na machozi. FCC tumezoea kuwaona wakiteketeza bidhaa bandia, lakini huduma nazo zimo, na shule inayotoza ada inauza huduma. Ila sheria inasema katika biashara. Mwanasiasa anayejiita namba moja jukwaani hapo hakamatiki, msinitazame.

Sheria haikatazi majigambo. “Ya kwanza kwa malezi” ni majigambo matupu. Malezi hayana mizani, na hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayedhani kuna aliyeyapima. Mama anayechoma ndizi hapa naye anasema ndizi zake ni tamu kuliko zote duniani, na hatujampeleka Tume. Shida inaanza neno linapoweza kupimwa. “Namba moja Kagera” linapimika. “Asilimia 100” linapimika kabisa.

Hiyo asilimia 100 ndiyo mwalimu alitaka tuione vizuri, akaokota kijiti akachora chini. Kufaulu kidato cha nne, alisema, ni kupata daraja la I mpaka la IV, na daraja la IV unalipata hata kwa D mbili au C moja. Tuseme shule ya kwanza ina watahiniwa 20: wawili daraja la I, watano la II, sita la III, saba la IV. Hakuna sifuri, ufaulu asilimia 100. Shule ya pili ina 120: sabini daraja la I, thelathini la II, kumi na watano la III, wanne la IV, na mmoja kapata sifuri. Ufaulu asilimia 99 na kidogo. Ya kwanza itapaka ukuta, ya pili itakaa kimya kwa ajili ya mtoto mmoja. Bodaboda akatazama chini muda mrefu, akaguna.

Mwalimu akaongeza jambo ambalo wengi hatulitazami. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili nayo yapo wazi. Chukua ya shule hiyohiyo miaka miwili nyuma, uhesabu vichwa. Kama kidato cha pili walikuwa 90 na kidato cha nne wamefanya 52, uliza hao 38 wameenda wapi. Wengine wamekariri darasa, wengine wamehama kwa sababu zao. Lakini wengine huambiwa watafute pa kufanyia mtihani, ili karatasi ya nguzoni isichafuke.

Na wastani wa shule usiusome kichwa chini. Watu wamezoea wa chuo kikuu, ambao mkubwa ndio mzuri. Huu wa kidato cha nne A ni 1 na F ni 5, kwa hiyo shule yenye 1.5 imeipita mbali yenye 3.4. Kuna mzazi hapa alibishana nusu saa akitetea 3.4, jina lake nalihifadhi.

Mwenye kutaka kulalamika asiende na mdomo mtupu. Apige picha tangazo likiwa bado ukutani, maana huwa linabanduliwa usiku. Atunze fomu na risiti ya ada, aweke na matokeo ya NECTA pembeni. FCC watapokea, na wathibiti ubora wa shule wa wilaya nao wapo hapo Muleba.

Bodaboda akapiga namba ya kwenye tangazo palepale, simu kaiweka sauti ya juu. Akauliza mambo matatu: namba moja ya mwaka gani, nani alitangaza, wangapi walifanya mtihani. Dada upande wa pili, sauti nzuri kweli, akamjibu: “Baba, njoo kwanza uchukue fomu, elfu thelathini tu, hayo mengine utaelezwa ofisini.”

Msyuu!