Namna ya Kuchagua Picha ya Mpira Itakayompendeza Kila Mtu Isipokuwa Msomaji

Mhariri mwenzangu wa Butembo, kubali kwanza kwamba redio imekutangulia. Nusu fainali ya Kombe la Afrika ya tarehe 7 Februari 2024 ilianza Abidjan saa nne usiku kwa saa zetu. Kabla gazeti lako halijafika mitamboni, mwenye duka, mama wa sokoni na dereva wa pikipiki walikwisha jua: Kodivaa 1, Kongo 0. Kwa hiyo tafuta picha itakayowaambia jambo hilo hilo kwa mara ya pili.

Hapo goli la Sébastien Haller, dakika ya 65, litakufaa sana. Alipiga mpira hewani, ukagonga chini, ukaruka juu ya golikipa Lionel Mpasi. Kamera ikiwa inafyatua mfululizo, utaletewa picha nyingi za sekunde ile moja. Ukitaka kuharibu kazi, chukua ya mwisho, ambayo mpira umekwisha toka kwenye fremu na watu wanatazama kitu kisichoonekana. Mhariri mkorofi ataziweka zote sambamba na kutafuta ile ambayo mguu wa Haller, mpira na uso wa Mpasi vinaonekana kwa pamoja. Mara nyingi ni moja tu, na jirani zake wawili hawana thamani. Abidjan picha hiyo ilistahili ukurasa wa kwanza: Haller alikuwa amerudi uwanjani baada ya kuugua saratani, na siku nne baadaye timu yake ikabeba kombe. Wewe iweke kubwa vilevile, ili watu wa Beni wanunue furaha ya jirani.

Ukipenda ugomvi, weka goli la Cédric Bakambu lililokataliwa. Picha moja isiyosogea humpa kila shabiki ushahidi anaoutaka, kwa sababu haionyeshi kilichotangulia wala kilichofuata. Na kama aliyelipia karatasi alipiga picha na bendera siku hiyo, weka na yake: unajua mwenyewe mambo yanavyokwenda.

Sasa jihadhari na picha moja ya hatari. Kabla ya mpira kuanza, wakati wa wimbo wa taifa, wachezaji wa Kongo walisimama safu moja, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kwenye panja kama bunduki. Walikuwa wanasema juu ya mauaji ya huku kwetu mashariki. Itupe haraka: haina mpira, haina goli, hakuna anayekimbia. Mbaya zaidi, ni tukio ambalo mtangazaji wa redio hawezi kulisikilizisha, maana waliolifanya walikuwa wamefunga midomo.

Ukishindwa kuitupa, basi angalau uichague vibaya. Chukua iliyopigwa kutoka mbele kabisa, watu kumi na mmoja upande hadi upande, kila uso mdogo kama kifungo cha shati. Epuka iliyopigwa kutoka pembeni kwa lenzi ndefu, ambayo safu inabanana, nyuso tatu au nne zinakuwa kubwa na mikono ya nyuma inajirudia. Usiangalie kama mikono yote imekwisha panda. Usiangalie vidole vimeangukia wapi: vikiwa mbele ya kivuli cheusi, wino wa karatasi ya gazeti utavimeza, na msomaji ataona mtu anayejikuna kichwa. Usiipunguze kwenye skrini hadi ukubwa wa kiberiti kisha ukarudi nyuma hatua mbili, kwani hapo ishara iliyo wazi hubaki na iliyofifia hupotea, nawe utajua ukweli mapema mno.

Ipokee kwa WhatsApp, bila kumuuliza mwenyewe. Ikishabanwa hadi pikseli 1,600 hivi upande mrefu, itatosha sentimita ishirini hivi tu kwenye karatasi kabla ya kuanza kupoteza ukali. Ivute ijaze ukurasa. Halafu andika chini yake kwamba vijana walihuzunika baada ya kufungwa. Saa iliyohifadhiwa ndani ya faili la awali la mpiga picha itakukana, lakini nani atalifungua?

Mtu wa Butembo au Oicha akiyaweka magoli na ile safu mezani, hahitaji maelezo yangu. Goli lilikuwa la Haller. Picha ya mechi ilipigwa kabla ya filimbi ya kwanza. Ichapeni kubwa, mwandike saa sahihi chini yake, na aliyeipiga mumlipe.