Rula ya Mwenyekiti

Sisi wakazi wa Mwihoko milima tunaisikia tu. Mpando mkali tunaoujua ni ngazi za ploti hadi orofa ya nne, na mvua ikinyesha kinachotuchosha miguu ni matope. Ndiyo maana chama chetu cha matembezi kilipopanga kwenda kutembea kule Gatundu, Mwenyekiti alikunjua ramani mezani na kuomba rula.

Ramani yenyewe haikuwa na kasoro. Ilikuwa ile ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, ambayo kila aliyefanya mtihani wa jiografia wa kidato cha nne ameshatolewa jasho na kipande chake. Sentimita 2 juu ya karatasi ni kilomita 1 ardhini. Kanisa ambapo matatu ingetushusha na kituo cha kukusanyia chai ambapo tulikuwa tumeagiza chakula vilitengana sentimita 8.

"Kilomita nne," Mwenyekiti akatangaza. "Mtu hutembea kilomita tano kwa saa. Dakika arobaini na nane tuko mezani."

Mwalimu, mstaafu wetu wa jiografia, akainamia ramani. "Na hii mistari ya kahawia, Mwenyekiti?"

"Hayo ni mapambo, Mwalimu."

Mapambo hayo huitwa kontua. Kila mstari unaunganisha sehemu zenye kimo kimoja, na katika ramani ile kutoka mstari mmoja hadi unaofuata ni mita 20 za kupanda au kushuka. Mistari ikitengana milimita 4, unapanda mita 20 katika mwendo wa mita 200, na bado unaweza kupiga gumzo. Ikibanana hadi milimita 1, mita hizo 20 unazipanda ndani ya mita 50, na hapo gumzo hufa. Mistari ikipinda kama herufi V, angalia ncha inaelekea wapi: ikielekea kwenye kimo kikubwa, hilo ni bonde, ikielekea chini, huo ni mgongo wa ardhi.

Nchi ile ya Gatundu imeumbwa kwa migongo mirefu inayoteremka kutoka Aberdare, na ubavuni mwa kila mgongo vijito vimechimba mabonde madogo. Kanisa na kituo cha chai vilikuwa kwenye ubavu mmoja wa mgongo mmoja. Mstari wa Mwenyekiti ulipita katikati ya ubavu huo, ukakata V tatu moja baada ya nyingine.

Bonde la kwanza tulilishuka tukiimba. La pili tulilishuka kwa makalio, maana udongo mwekundu uliolowa hauna adabu kwa kiatu cha mjini. Kwenye la tatu mama mmoja aliyebeba chupa ya chai aliketi chini ya mgomba akasema, "Mwenyekiti, hiyo rula yako iite ije inibebe."

Chini kabisa tukakuta ukingo wa kijito uliosimama kama ukuta, mrefu kuliko mimi mara mbili, na kwenye ramani hauonekani popote. Hapo hata Mwalimu asingejua. Kitu kisichofika mita 20 kinaweza kujificha kati ya mistari miwili bila ramani kusema uongo.

Chakula tulikikuta baridi. Mwalimu akatoa uzi mfukoni, akaulaza juu ya ramani akifuata barabara: kutoka kanisani hadi kileleni mwa mgongo, kufuata mgongo wenyewe, kisha kuteremka hadi kituoni. Aliponyoosha uzi ukawa sentimita 10, yaani kilomita 5.

Kisha akahesabu kwa kanuni ya Mskoti aitwaye Naismith, ya mwaka 1892, ambayo siku hizi husemwa hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya rula ilikuwa na mabonde matatu, kila moja mistari minne ya kupanda, jumla mita 240. Hizo ni dakika 24 juu ya zile 48, jumla 72. Njia ya uzi inapanda mistari mitatu tu, mita 60, dakika 6 juu ya saa moja. Jumla 66.

"Dakika sita tu!" Mwenyekiti akaruka. "Mnanilaumu kwa dakika sita?"

"Naismith hakuhesabu makalio," mama mwenye chai akamjibu.

Na alikuwa na haki. Kanuni ile haihesabu muda wa kushuka kwenye utelezi wala wa kuvuta watu juu ya ukingo. Sisi tulitumia zaidi ya saa mbili.

Safari ijayo ni Kilimambogo, mita 2,145. Mwenye uzi aje nao.